Maelezo Binafsi: Ombi la Nafasi ya Shahada ya Umahiri katika Historia ya Sanaa

Kwa Kamati ya Udahili,

Naomba nafasi ya kusoma historia ya sanaa ili niyatafiti makaburi ya mnara ya pwani ya Afrika Mashariki, na hasa bakuli na sahani za kauri ambazo waashi wa zamani walizipachika kwenye lipu yake. Makaburi haya yamejengwa kwa matumbawe na chokaa, na yametapakaa kuanzia kusini mwa Somalia, yakapita Lamu, Malindi na Tanga, hadi pwani ya Dar es Salaam na kusini zaidi. Kauri zake nyingi zimekwisha kung'olewa. Kilichobaki ukutani ni duara tupu, na ni kwenye duara hizo ninapotaka kuanzia.

Nimezaliwa Kunduchi, karibu na magofu. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akinichukua siku za Ijumaa asubuhi kwenda kufagia kaburi la ndugu yake, na njia yetu ilipita kwenye makaburi ya kale, yale yenye nguzo za karne ya 18. Kabla hatujapita alinisimamisha: "Wasalimie kwanza." Tulitoa salamu kwa waliolala, ndipo tukaendelea. Siku moja nilimuuliza nani alikuwa akila kwenye sahani zilizokuwa kwenye nguzo. Akaniambia hizo si za kulia. Mwenye kijicho akitazama kaburi, jicho lake huangukia kwenye sahani, haliwafikii wenyewe. Nilikuwa na miaka minane au tisa, na jibu lile lilinitosha kwa muda mrefu.

Nilipofika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusoma shahada ya kwanza ya historia, nilikutana na sahani zile zile kwa sura nyingine kabisa. Katika masomo yetu zilikuwa kalenda. Mwanaakiolojia James Kirkman alipochimba magofu ya mji wa Gede, Kenya, kuanzia mwaka 1948, vyombo vya kauri kutoka China vilimsaidia kukadiria umri wa kuta na sakafu. Mwanaakiolojia mwenzake Neville Chittick naye alizitumia kauri za kigeni hivyo hivyo huko Kilwa. Kazi yao naiheshimu sana. Bila ya wao tusingejua tunachokijua leo kuhusu miji hii. Lakini kila nilipokuwa nikisoma jinsi bakuli la seladoni, ile kauri ya China ya rangi ya kijani, linavyotueleza karne, nilikuwa najiuliza: na fundi aliyelishika mkononi, akasimama mbele ya lipu mbichi, akaamua liende hapa na si pale, yeye anatueleza nini? Kwenye maandishi niliyoyafikia, bakuli lilikuwa ushahidi wa biashara na ushahidi wa tarehe. Mara chache lilitazamwa kama sehemu ya kazi ya sanaa iliyobuniwa na kukamilishwa hapa hapa pwani.

Baada ya kuhitimu nilifanya kazi miaka miwili Mji Mkongwe, Zanzibar, nikiwa mpimaji na mchoraji katika ukarabati wa nyumba moja ya zamani. Huko ndiko nilikojifunza chokaa. Fundi mkuu wetu, mzee mwenye zaidi ya miaka arobaini katika uashi, hakukubali nichore ukuta ambao sijawahi kuushika. Alinifundisha kuitambua chokaa iliyoiva kwa kuifinya kati ya vidole, na kwamba ikishachomwa na kuzimwa kwa maji, kadiri inavyokaa shimoni ndivyo inavyolainika. Alinionyesha kwa nini tumbawe linalotolewa baharini likiwa bichi linachongeka kama muhogo, kisha likikauka linakuwa gumu. Alinionyesha pia niru, ile lipu nyembamba ya mwisho, inavyosuguliwa mpaka ikang'aa.

Siku moja wakati wa chai nilimwonyesha kwenye simu picha ya duara moja ya Kunduchi. Aliikuza, akaitazama kimya, kisha akasema: "Hii sahani iliwekwa lipu ikiwa mbichi. Fundi aliizungushia kidole gumba." Kwenye ukingo wa duara kulikuwa na mfereji mwembamba, laini, ambao nilikuwa nimeupita mara mia moja bila kuuona.

Kuanzia hapo nilianza majaribio kwa gharama zangu mwenyewe. Nilitengeneza vibao vitano vya matumbawe na chokaa ndani ya fremu za mbao, upana wa dhiraa moja kila kimoja, nikanunua sahani na bakuli za kawaida Darajani. Sahani ya tano alinipa bibi, ya zamani, yenye maua ya buluu yaliyofifia. Vibao viwili vya mwanzo vilipasuka kwa sababu nilipiga lipu nene kwa mkupuo mmoja. Cha tatu fundi alinisimamia: lipu ya kwanza, sahani ikashindiliwa ikiwa bado mbichi, kisha niru ikavutwa hadi kwenye mdomo wa sahani na kuzungushiwa kidole. Cha nne niliacha lipu ikauke kabisa, ndipo nikatoboa shimo kwa patasi na kuibandika sahani kwa chokaa mpya. Baada ya miezi mitatu nikazing'oa sahani za vibao hivyo viwili.

Tofauti ilikuwa wazi. Kwenye kibao cha tatu kitako cha sahani kilikuwa kimeacha pete kamili chini ya shimo, laini kama ndani ya kikombe, hata mkwaruzo mdogo wa kwenye kitako ulikuwa umejichapa. Sahani yenyewe ilitoka vipande vitatu, kwa sababu chokaa ilikuwa imeikumbatia. Kwenye kibao cha nne sahani ilitoka nzima. Shimo lake lilikuwa na meno ya patasi pembeni, na ukilimulika unaona chokaa za rangi mbili.

Majaribio ya vibao vitano hayathibitishi jambo kubwa, na siyaleti kwenu kama matokeo. Yamenipa swali ambalo naamini linastahili miaka miwili ya kazi: je, kauri za makaburi haya zilikuwa sehemu ya ubunifu wa kaburi tangu mwanzo, au baadhi ziliongezwa baadaye, na jamaa, na wageni, na kizazi kilichofuata? Kama ziliongezwa, basi kaburi halikukamilika siku lilipojengwa. Liliendelea kutengenezwa na watu waliolitembelea. Hiyo ni historia tofauti ya sanaa na ile ya mnunuzi tajiri anayeonyesha mali aliyoitoa ng'ambo.

Naamini pia kwamba kaburi la mnara haliwezi kusomwa peke yake. Waashi wale wale wa pwani walipachika bakuli kwenye kuba za msikiti mdogo wa Kilwa Kisiwani na kwenye mihrabu ya msikiti mkuu wa Gede. Katika nyumba za mawe za Lamu, vidaka vya lipu ya nakshi vilijengwa safu juu ya safu ukutani, na vyombo vya thamani vikawekwa humo. Kuba, mihrabu, kidaka na kaburi: mahali pote hapo chombo kimetolewa kwenye kazi ya kula na kunywa, kikapewa kazi ya kutazamwa. Bibi yangu alikuwa na neno kwa kazi hiyo, kijicho. Silichukui jibu lake kama ukweli wa karne ya 15, maana kauli ya leo haiwezi kuwasemea watu wa zamani moja kwa moja. Nalichukua kama hoja ya mtu aliyelelewa ndani ya mila hii, inayostahili kupimwa kwa uzito ule ule tunaoupa hoja ya biashara.

Napendekeza kufanya kazi katika maeneo matatu ya Tanzania Bara: Kunduchi, Kaole karibu na Bagamoyo, na Tongoni kusini ya Tanga, penye makaburi takriban 40 mahali pamoja, mengi yakiwa na minara iliyoanguka. Nitapiga picha kila duara kwa mwanga wa ubavuni, asubuhi mapema na jioni, kwa sababu mwanga wa mchana huufuta mfereji wa kidole. Nitapima pete za vitako bila kugusa lipu, kisha nizilinganishe na vyombo vilivyohifadhiwa kwenye makumbusho. Picha za zamani zilizopigwa kabla kauri hazijatoweka zitanisaidia kujua nini kilikuwa wapi. Kwa upande wa Kenya nitasoma yaliyokwisha chapishwa kuhusu mnara wa Mambrui, na pia kuhusu kaburi la Gede lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399, kwa kuwa tarehe iliyoandikwa kwenye kaburi lenyewe ni hazina adimu katika fani hii.

Haraka yangu ina sababu. Katika gofu moja ninalolifahamu, nilikuta mnara umekarabatiwa kwa saruji. Waliofanya hivyo walikusudia mema, walitaka usianguke. Lakini saruji haipumui kama chokaa. Unyevu na chumvi hubaki ndani, tumbawe huanza kumong'onyoka nyuma yake. Na duara zote za upande wa mashariki zilikuwa zimezibwa na kusawazishwa. Nilisimama pale na daftari langu, nikiwa na picha ya mwaka uliotangulia, nikihesabu alama ambazo hakuna mtu atakayeziona tena. Sikuweza kuchora kitu siku ile.

Yapo ninayohitaji kujifunza na ambayo siwezi kujifundisha. Sijui kuzitambua kauri za China kwa vitako vyake, na bila ujuzi huo pete zangu zitabaki vipimo vitupu. Nahitaji pia msingi wa nadharia na mbinu za historia ya sanaa, kwa kuwa mafunzo yangu yote yamekuwa ya nyaraka. Ninachokuja nacho ni kusoma Kiarabu cha maandishi ya makaburini, nilichokianza madrasa na kukiendeleza chuoni, uzoefu wa kupima na kuchora majengo, na mikono inayoijua chokaa. Ninafahamiana pia na wazee wa Kunduchi, ambao nimekwisha waomba ruhusa. Walinikubalia kwa sharti moja, kwamba nisipige picha watu wakiwa kwenye dua, na nitalishika sharti hilo popote nitakapokwenda.

Vibao vinne vya mwanzo vimehifadhiwa, pamoja na vipande vya sahani na daftari la kila siku la majaribio. Mkinipa nafasi nitakuja navyo. Cha tano, chenye sahani ya bibi, bado hakijaguswa. Nimekiacha kikauke mwaka mzima kwenye kivuli cha baraza lake, na ningependa kuing'oa sahani ile mbele ya mtu atakayenifundisha kutazama vizuri zaidi kuliko ninavyotazama sasa. Bibi amekubali, ingawa ameniomba nikimaliza nimrudishie hata kama ni vipande.