Taarab yajaza ua wa shule Ngamiani, akina mama wafidia pengo la bajeti

TANGA. Kufika saa tatu kasoro robo usiku wa Jumamosi, viti vilikuwa vimekwisha. Waliochelewa walitandika kanga chini ya mwembe, vijana wakakalia ukuta wa shule, na nje ya geti baiskeli ziliegemezana hadi kona ya barabara. Udi ulifukizwa pembeni mwa jukwaa, mihogo ikikaangwa mlangoni, na kila upepo wa bahari ulipogeuka harufu moja iliifuata nyingine. Kisha fidla ikalia peke yake, ndefu, bila dumbaki, na ua mzima ukanyamaza kuisikiliza.

Hilo lilikuwa tamasha la siku mbili la taarab ya zamani, lililoandaliwa na wakazi wa Ngamiani wenyewe katika ua wa shule ya msingi ya mtaani kwao. Ijumaa zilikatwa tiketi 612, Jumamosi 1,146, jumla 1,758. Jukwaani mshereheshaji alitangaza “watu elfu tatu”. Hesabu ya gazeti hili inatokana na vishina vya tiketi vilivyohesabiwa mezani mbele ya mwandishi, na haihusishi watoto wa chini ya miaka 12, walioingia bure, wala waliosikiliza kutoka vibarazani ng’ambo ya ukuta. Hao walikuwa wengi, lakini hakuna aliyewahesabu.

Tofauti ya siku hizo mbili ina maelezo yake. Ijumaa shughuli ilianza saa moja na nusu, wakati watu wengi wametoka tu msikitini au bado wako jikoni. Jumamosi kamati ikasogeza mbele hadi saa mbili na nusu, ikawawekea wazee safu nne za mbele, na habari ikapita nyumba kwa nyumba kwamba akina bibi wanapewa nafasi. Usiku huo bibi mmoja alikuja na wajukuu watano na kikapu cha vitumbua.

Si ajabu taarab kupata watu hapa. Tanga ndiyo iliyotoa Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyoingiza gitaa la umeme na besi katika taarab na kusikika pwani nzima ya Afrika Mashariki. Shakila Saidi, aliyefariki mwaka 2016, aliimba katika vyote viwili. Nyimbo za enzi hiyo zilipopigwa Jumamosi, waliotangulia kuinuka kwenda kutuza hawakuwa wazee. Walikuwa wasichana wa miaka ishirini na kitu, noti mkononi, wakiitikia kila kiitikio kwa usahihi. Walijifunzia wapi? “Kwa mama, akifua,” alijibu mmoja wao, asumini kichwani.

Aliyeshika fidla ana miaka 71 na mchana hushona mashuka Barabara ya 12. Alikaa miaka mingi bila kupiga mbele ya watu. Kamati ilipomfuata, sharti lake lilikuwa moja: apewe kijana wa kumfundisha. Kijana huyo, dereva wa bodaboda, alikaa kiti cha pili kulia kwake siku zote mbili na kupiga nyimbo tatu. Katika ya pili alipotea. Mzee hakugeuka kumtazama. Alirudia ubeti mpaka mwanafunzi akaingia tena, na wachache sana hadhirani waligundua.

Fedha ndizo zilizokuwa mzigo. Gharama zote, kuanzia jukwaa, vipaza sauti, jenereta ya akiba, nauli na malazi ya wapigaji wawili kutoka Unguja, zilifika Sh4,860,000. Tiketi za Sh2,000 ziliingiza Sh3,516,000, na wauza vyakula 21 walilipia nafasi Sh10,000 kila mmoja. Pengo lililobaki lilizibwa na wanawake 38 wa kikundi cha kuweka na kukopa cha mtaani, waliotoa Sh30,000 kila mmoja tangu mwezi mmoja kabla. Baada ya malipo yote, sandukuni zilibaki Sh6,000.

Ni haohao walioazima viti kutoka nyumba za harusi, wakaviandika majina kwa chaki ili visipotezane, na Jumapili saa moja asubuhi walikuwa uani na mafagio. Jukwaani hawakutajwa hata mara moja, ilhali walistahili kutajwa.

Mwenyekiti wao, muuza samaki wa kukaanga, alipoulizwa kama watachanga tena mwakani, alijibu huku akihesabu viti: “Tutachanga. Ila tiketi ya mkubwa iwe elfu tatu, na yule kijana apewe nyimbo sita.”