YAH: Kikao cha simu cha leo – kyubu za slabu sehemu A ziko chini, kumwaga sehemu B kumesogezwa hadi Ijumaa ijayo

Ndugu Meneja,

Pole na safari. Kikao cha leo Jumatano kilikuwa na mhandisi msimamizi, mkandarasi, maabara na msambazaji wa zege, na kubwa lililotoka ni kwamba kyubu za siku 7 za slabu ya ghorofa ya kwanza, sehemu A, zimetoa wastani wa 13.0 N/mm² wakati tulitarajia 16 au zaidi, hivyo kumwaga sehemu B kumetoka Ijumaa hii na kwenda Ijumaa ijayo. Shaka iko kwenye lori la tatu, lililochelewa kisha likaongezwa maji kama lita 200 bila idhini ya mhandisi, ingawa msambazaji anadai ni kyubu ndizo zilizotunzwa vibaya, na madai yote mawili yatapimwa kwenye slabu yenyewe, majibu yakitoka Alhamisi ijayo. Mhandisi amezuia mrunda wowote kutolewa chini ya sehemu A, na kwa kuwa mkandarasi alipanga kuhamisha nusu ya mirunda hiyo kesho ili ashikilie sehemu B, sasa hana ya kutosha. Naomba uniamulie mawili kabla ya kesho saa 6 mchana: kukodi mirunda 165 kwa wiki 3 kutoka kwenye fungu la dharura, na kusaini barua ya notisi kwa msambazaji niliyoiambatisha, ambayo haimhukumu bali inalinda haki yetu ya kudai gharama. Ratiba inapoteza siku 7, tutarudisha 3 kwa kuweka vikosi viwili vya kujenga kuta za juu, kikao kijacho ni Ijumaa saa 4 asubuhi, na maelezo kamili yako chini ya sahihi ukipata nafasi.

Wako,
Mratibu wa mradi

MAELEZO YA KIKAO

Namba za maabara. Kyubu tatu za milimita 150 zilivunjwa jana kwa mzigo wa kN 290, 306 na 281. Ukigawa kwa eneo la mm² 22,500 unapata 12.9, 13.6 na 12.5. Zinakaribiana, kwa hiyo hatuwezi kusema kyubu moja ilipata ufa ikavuta wastani chini. Zege letu ni la 25 N/mm² kwa siku 28, na siku ya 7 kwa kawaida linakuwa limefika kama theluthi mbili ya hapo. Hili limefika asilimia 52. Kyubu tatu zilizobaki zitavunjwa siku ya 28. Kasoro ni kwamba zote sita zilitoka lori la tatu. Malori mengine matatu hayana namba yoyote, si nzuri wala mbaya.

Lori la tatu. Hati ya mzigo inaonyesha lilipakiwa saa 2:50 asubuhi, na kumwaga kulianza saa 5:05. Hizo ni dakika 135, na mkataba wetu unaruhusu 90. Slampu ilipofika ilikuwa milimita 60, chini ya kiwango chetu cha 75 hadi 125, na pampu ingeziba. Dereva akafungua maji ya tangi lake. Kipimo cha pili kilisoma 170, na fomeni aliandika kwenye daftari kwamba mchuzi ulikuwa unajitenga na kokoto pembeni ya koni. Mhandisi alipiga hesabu tukiwa kwenye simu: lita 200 kwa mita 6 za ujazo ni lita 33 kwa kila mita, mchanganyiko ulikuwa na maji lita 176 kwa kilo 320 za saruji, yaani uwiano wa 0.55, na baada ya nyongeza ukawa 0.65. Upungufu wa nguvu wa karibu moja ya tano unaendana na hesabu hiyo. Kwa maoni yangu hii ndiyo hoja nzito kuliko zote zilizotolewa leo.

Hoja ya msambazaji. Anasema kyubu zililala nje usiku wa kwanza. Maabara wanasema zilifunikwa magunia mabichi na kuingia kwenye tangi la maji baada ya saa 24, ila hakuna aliyeandika joto la usiku ule. Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa, na ndiyo maana tunapima slabu yenyewe badala ya kubishana juu ya kyubu.

Vipimo. Ijumaa maabara watapiga nyundo ya kipimo kwenye maeneo ya malori yote manne. Nyundo haitoi nguvu halisi, lakini slabu yote ina umri mmoja, kwa hiyo eneo la lori la tatu likisoma chini ya majirani zake tutajua tatizo liko kwenye zege. Jumanne, siku ya 14, watakata sampuli tatu za kipenyo cha milimita 100 kwenye eneo hilo (kama mita za mraba 40, kati ya mstari wa 3 na wa 4) na moja ya kulinganisha kwenye eneo la lori la pili. Nondo zitatafutwa kwanza kwa kifaa na kuchorwa chaki, maana kukata nondo ya chini kutadhoofisha slabu zaidi ya tatizo tunalolichunguza. Kila sampuli itapunguzwa hadi urefu wa milimita 100 ili isomeke sawa na kyubu, na mashimo yatazibwa kwa grauti isiyosinyaa siku hiyohiyo. Mhandisi atalinganisha majibu na nguvu ya siku ya 14, si ya 28. Kuhusu kuimarisha slabu au kubomoa eneo hilo, amekataa kujadili kabla ya namba, na namuunga mkono.

Mirunda. Mkandarasi alilalamika sana hapa, na ana sababu: alishalipa kikosi cha fomu. Lakini zege lenye nusu ya nguvu likiachiwa linapinda taratibu, na mpindo huo haurudi hata likikomaa baadaye. Sampuli zikifeli, gharama ya kukodi itaingia kwenye madai kwa msambazaji. Zikifaulu, itabaki kwetu.

Magunia. Kumwagilia sehemu A kutaendelea hadi siku ya 14 badala ya kuishia ya 7, asubuhi, mchana na jioni. Eneo la lori la tatu litafunikwa pia kwa nailoni.

Sehemu B. Msambazaji amekubali masharti haya kwa mdomo, nami nitamtumia kwa maandishi leo: slampu ipimwe kila lori kabla ya pampu, lori lililopita dakika 90 lirudishwe, maji yasiongezwe getini kwa sababu yoyote, zege likiwa gumu itumike dawa ya kulainisha kwa kipimo cha mhandisi, na ngoma izungushwe dakika 5 kabla ya kupima tena. Kyubu sita zitachukuliwa kwa kila malori mawili. Malori yapishane kwa dakika 40, kwani foleni ya getini ndiyo iliyomfikisha dereva kwenye bomba la maji.

Bado hatujapata jibu la fundi umeme kuhusu mabomba ya waya ya sehemu B. Nitampigia kesho asubuhi, kwa sababu nondo za juu zikishafungwa hawezi tena kuyapitisha.