Volteji, mkondo na ukinzani: somo la bomba kabla ya kazi ya Jumatatu

Dogo, Jumatatu tunakwenda Kihonda kwa yule mama mwenye banda la chai nyuma ya nyumba. Anasema birika lake la umeme linachelewa kuchemka, na balbu inafifia kila anapoliwasha. Fundi aliyetangulia alipima soketi, akakuta volti 230, akamwambia birika limechoka anunue jingine. Amenunua, na hali ni ileile. Soma haya leo, tukifika usiwe mtu wa kunishikia ngazi tu.

Chukua simtanki lililo juu ya mnara nyuma ya nyumba. Kutoka hapo bomba linashuka hadi kwenye koki. Maji yanasukumwa na kimo: kila mita 10 za kimo zinatoa msukumo wa karibu baa 1, kwa hiyo mnara wa mita 6 unakupa kama baa 0.6. Msukumo huo ndio volteji, nayo tunaipima kwa volti. Angalia kwamba hata koki zote zikiwa zimefungwa na hakuna tone linalotembea, msukumo upo palepale unasubiri. Soketi isiyochomekwa kitu ina volti 230 vilevile, na itakupiga ukiigusa. Volteji haihitaji kitu kitembee ili iwepo.

Jambo la pili kuhusu msukumo ni kwamba daima ni tofauti kati ya sehemu mbili. Matangi mawili yaliyo kwenye kimo kimoja, ukiyaunga kwa bomba, maji hayaendi kokote hata kama yako juu kiasi gani. Ndiyo maana ndege anatua kwenye waya wa umeme akaondoka salama: miguu yake yote miwili iko kwenye kimo kilekile. Na ndiyo maana maltimita ina waya mbili za kupimia. Ukiniambia "hapa kuna volti 230", nitakuuliza: kati ya hapa na wapi? Laivu na nyutro? Laivu na ethi? Jibu linaweza kuwa tofauti, na tofauti hiyo mara nyingi ndiyo inayokuonyesha hitilafu ilipo.

Mkondo ni maji yanayopita kweli. Mita ya maji inahesabu lita zinazopita kwa muda fulani. Sisi tunahesabu ampea. Ampea 1 ni kama elektroni bilioni bilioni 6 zinazopita mahali pamoja kila sekunde. Namba hiyo usiikariri. Kariri hili: kwenye bomba moja lisilo na tawi, maji yanayoingia ndiyo yanayotoka. Mkondo hauliwi njiani. Wanafunzi wengi wanadhani birika linakula ampea, zinarudi chache kwenye nyutro. Hapana. Kinachopungua kadiri unavyoendelea ni msukumo. Ampea zilizokwenda kwa laivu ndizo zinazorudi kwa nyutro.

Kifaa cha RCD kinafanya kazi kwa sheria hiyohiyo. Kinalinganisha kilichokwenda na kilichorudi. Vikitofautiana, maana yake bomba linavuja mahali, na huenda mvujo unapitia mwilini mwa mtu. Zile za nyumbani zinakata mvujo ukifika miliampea 30, kwa sababu mwili ulioloa unaweza kuwa na ukinzani wa kama omu 1000 tu, na volti 230 kwenye omu 1000 zinapitisha miliampea 230, kiasi kinachoua. Breka ya kawaida ya ampea 16 hapo haitashtuka hata kidogo.

Sasa ukinzani. Huu ni ubishi wa bomba: wembamba wake, urefu wake, koki iliyofunguliwa nusu, takataka iliyokwama kwenye kona. Tunaupima kwa omu. Waya mrefu una ukinzani mkubwa kuliko mfupi, mwembamba kuliko mnene. Shaba ya moja na nusu, yaani yenye eneo la milimita za mraba 1.5, ina kama omu 12 kwa kila kilomita. Ya mbili na nusu ina kama omu 7.4. Hapa tu maji yanatudanganya kidogo: bomba ukilipunguza kipenyo nusu, mtiririko unaanguka vibaya mno kuliko unavyoanguka kwenye waya. Kwenye waya hesabu ni nyepesi: eneo la shaba likiwa mara mbili, ukinzani unakuwa nusu.

Vitu vitatu hivi vimefungwa pamoja na sheria ya Ohm:

```
V = I × R
```

V ni volti, I ni ampea, R ni omu. Msukumo ukiongezeka, mkondo unaongezeka. Ubishi ukiongezeka, mkondo unapungua. Wati ni volti mara ampea: birika lenye lebo ya wati 2300 linavuta ampea 10 kwenye volti 230, kwa hiyo ukinzani wake ni omu 23. Ukipima miguu ya plagi yake, likiwa halijachomekwa na swichi yake imewashwa, maltimita itakuonyesha namba iliyo karibu na hiyo. Usijaribu hesabu hii kwenye balbu ya LED au kwenye mota. Ndani yake kuna mambo mengine tutakayofika baadaye.

Twende sasa bandani kwa mama. Kutoka kwenye boksi la breka hadi bandani ni kama mita 40, na wamevuta waya wa moja na nusu. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 80: karibu omu 1. Halafu tuseme kuna kiungo njiani kilichosokotwa kwa mkono na kufungwa tepu, shaba imeshika kutu, nacho kina omu 1 nyingine. Yule fundi alipima soketi birika likiwa limechomolewa. Alipata 230, na maltimita haikumdanganya. Bomba lililoziba nusu, koki ikiwa imefungwa, lina msukumo kamili hadi mwisho, kwa sababu hakuna maji yanayotembea yapate kubishana na uchafu. Fungua koki ndipo uone maji yanavyotoka kwa unyonge.

Kwa hesabu, mkondo ukiwa sifuri, I × R ni sifuri, hata R iwe kubwa vipi. Washa birika: njia nzima sasa ina omu 25, yaani 23 za birika, 1 ya waya na 1 ya kiungo. Ampea zinakuwa 9.2. Waya unakula volti 9.2, kiungo kinakula volti 9.2, na birika linabaki na volti 212 hivi. Nguvu yake inashuka kutoka wati 2300 hadi kama 1950. Hapo chai inachelewa na balbu inafifia.

Lakini chai si ninachokihofia. Volti 9.2 zilizoliwa na kiungo, ukizizidisha kwa ampea 9.2, ni wati 85 za joto. Wati 85 hizohizo zinaliwa na waya pia, ila waya unazitawanya kwenye mita 80 za shaba, hausikii kitu. Kiungo kinazipokea zote mahali padogo kuliko ncha ya kidole, ndani ya tepu, pengine juu ya dari ya mbao. Na breka haitakata, maana mkondo umepungua, haukuzidi. Breka inalinda waya dhidi ya maji mengi kupita kiasi. Koki iliyoziba haiioni kabisa. Nyumba nyingi zinaungua huku breka zake zikiwa nzima, na watu wanasema "ni shoti". Shoti ni kinyume chake: ni bomba lililokatwa karibu na tangi, ubishi karibu na sifuri, mkondo mamia ya ampea, na hapo breka inakata mara moja.

Kuhusu balbu kufifia, hilo ulishaliona bafuni: unaoga, mtu akafungua koki ya jikoni, maji yako yanapungua. Kila koki unayoongeza ubavuni inawapa maji njia nyingine, kwa hiyo ubishi wa jumla unapungua na mkondo wa bomba kuu unaongezeka. Mkondo ukiongezeka, bomba kuu linakula msukumo zaidi, na wote mlio mwishoni mnapata kidogo. Kwa hiyo unapoona taa inafifia kitu kingine kikiwashwa, tafuta ukinzani kwenye njia wanayochangia. Usibadilishe balbu.

Kuna sehemu maji yanaachana na umeme, zishike vizuri. Bomba likikatika maji yanamwagika. Waya ukikatika umeme haumwagiki, unasimama, hadi upate njia ya kurudi. Njia hiyo usiwe wewe. Pili, umeme wa nyumbani hauendi upande mmoja kama maji ya simtanki. Unavutwa na kusukumwa, mizunguko 50 kila sekunde. Elektroni zenyewe zinatikisika palepale, hazisafiri kutoka transfoma hadi kwako. Taa inawaka papo hapo kwa sababu waya tayari umejaa, kama bomba lililojaa maji: ukisukuma huku, kule kunasogea.

Vipimo sasa. Volti unapima kwa kugusa sehemu mbili, bila kukata kitu. Ampea ni lazima zipite ndani ya mita, kama mita ya maji inavyokatiwa bomba. Sisi tutatumia klampu, tunaukumbatia waya mmoja tu. Ukikumbatia laivu na nyutro pamoja utasoma sifuri, maana kinachokwenda na kinachorudi vinafutana. Omu unapima umeme ukiwa umezimwa na umehakikisha umezimika, si kwa kuambiwa. Na nikikukuta umeweka maltimita kwenye ampea ukachomeka soketini, utarudi nyumbani siku hiyohiyo: kwenye ampea mita haina ukinzani wa maana, umetengeneza shoti kwa mikono yako.

Jumatatu tutafanya hivi. Tutapima volti kwenye soketi ya banda, birika limezimwa, halafu limewashwa. Tutapima vilevile kwenye boksi la breka. Kama boksini volti hazishuki na bandani zinashuka, ubishi uko katikati yake, nasi tutafuata njia kiungo kwa kiungo. Njoo na testa, bisibisi mbili, viatu vya mpira na daftari. Na nijie na jibu la swali hili: tukishaondoa kile kiungo kibovu, waya ukabaki uleule wa moja na nusu, mama akiwasha birika pamoja na pasi ya wati 1000, soketi itasoma volti ngapi? Anza kwa kutafuta omu za pasi.