Mstari wa Chaki

Gredi ya 6 ilikuwa na wanafunzi 54 na madawati 18. Waliopata alama za juu walikaa mbele. Nyuma kabisa, kando ya dirisha lililotazama mafundi wa jua kali wa Kamukunji, walikaa wale ambao wenzao waliwaita Mkokoteni. Kutwa nyundo zilitwanga mabati, na kelele za nyuma zikashindana nazo.

Kwa wiki mbili Mwalimu Halima hakuhamisha mtu. Aliandika tu daftarini: nani humtazama nani kabla ya kujibu, nani hajaitwa kwa jina lake tangu Jumatatu. Kisha siku moja akaenda kukaa nyuma, akamwambia kiranja asome imla. Nusu ya maneno hakuyasikia. Akakumbuka alivyomkaripia Baraka kwa kutosikiliza, na moyo ukamuuma.

Jumatatu akawapanga upya wote, watatu watatu. Baraka akawekwa mbele, katikati ya Abdi na Wanjiru, namba moja wa darasa. Wanjiru akachukua chaki, akachora mstari dawatini.

"Kiwiko chako kisivuke."

"Na chako pia."

Wiki hiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. Walisukumana, walinyimana vifutio, wawili wakalia. Mama Wanjiru akafika shuleni na malalamiko.

"Mwalimu, huyu mtoto nilimtoa mbali. Atarudi nyuma."

"Nimekusikia, mama. Nipe mwezi mmoja tu."

Halima akaweka sharti moja: kila Ijumaa, anayesimama aeleze jibu la jirani yake, si lake. Mwanzoni wengi walisimama wakanyamaza, kwa sababu hawakuwa wamesikilizana. Hakuwaadhibu. Aliwaambia waketi, waulizane tena.

Ijumaa ya nne hesabu ilikuwa ya eneo: bati kiasi gani litatosha sanduku la shule? Wanjiru akasimama, karatasi yake imejaa tarakimu, lakini hakuisoma.

"Baraka anasema hesabu yetu iko sawa ila sanduku halitafungika. Baba yake huyatengeneza. Lazima uongeze bati la kukunja pembeni, la sivyo kona hazishikani."

Mtu akanong'ona, "Mkokoteni." Hakuna aliyecheka. Abdi aligeuka akamtazama msemaji mpaka akainamisha kichwa.

Si wote waliopatana. Dawati la karibu na mlango liligombana hadi muhula ukaisha, na Halima akalibadilisha mara tatu.

Alhamisi moja Baraka hakuja, alikuwa na homa. Mstari wa chaki ulikuwa umefifia, na siku nyingi hakuna aliyeuchora tena. Nafasi ilikuwepo ya kutosha kujinyoosha. Abdi na Wanjiru walikaa kila mmoja ukingoni mwake, viwiko wamevikunja, katikati wakapaacha wazi.