Aya ya ubeti wa mbuyu: kutoka orodha hadi hoja

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, kidato cha sita. Huu ndio ubeti tuliowatungia kwa zoezi:

Jua lapiga milele, udongo ulalamike,
Ghala halina uwele, mama kinu akiweke,
Tusikae na kelele, subira na tuishike,
Mbuyu wanyoa nywele, waingoja mvua yake.

Aya iliyoletwa:

"Mshairi ametumia tashihisi, mfano udongo ulalamike. Pia ametumia taswira ya mbuyu. Pia shairi lina vina vya kati na vya mwisho, na mizani 16. Dhamira ni ukame na subira."

Kila sentensi ni sahihi. Lakini zipange kuanzia mwisho kwenda mwanzo: hakuna kinachoharibika, kwa sababu hakuna sentensi inayoitegemea nyingine. "Pia" inaongeza tu, haithibitishi.

Aya iliyoandikwa upya:

"Katika ubeti huu subira ni kazi ya kujihifadhi, si ukimya wa aliyeshindwa. Mbuyu 'wanyoa nywele', na kwa kuwa kunyoa ni alama ya msiba kwa jamii nyingi za bara, msomaji hutarajia kilio. Hata hivyo mbuyu hupukutisha majani wakati wa kiangazi ili usipoteze maji uliyoyaweka shinani. Kinachofanana na msiba ndicho kinachouokoa. Kwa mwanga huo, mama anayeweka kinu kando naye anapunguza ili adumu. Vina vinaibeba hoja hii. Utao wa mishororo mitatu ya kwanza unaishia kwenye vitenzi vya kutaka, 'ulalamike', 'akiweke', 'tuishike', yaani mambo ambayo bado hayajawa. Kituo kinatunza kina kilekile cha -ke, ila sasa kinakiweka kwenye 'yake', neno la kumiliki. Mvua haijanyesha, lakini tayari ni ya mbuyu."

Sentensi ya kwanza ni dai ambalo mtu anaweza kulipinga, na hilo ndilo linalozipa nyingine kazi. Tashihisi ya udongo imeachwa, ingawa ipo, kwa kuwa hailisaidii dai. Mizani nazo zimeachwa: mizani 16 ni za kawaida mno katika tarbia, hazisemi lolote juu ya ubeti huu peke yake. Anayetaka kuzitumia azihesabu kwa uangalifu. "Mbuyu" ni mizani tatu, m-bu-yu, lakini "mvua" ni mbili, mvu-a. Baadhi yenu mliihesabu "mbuyu" kwa mbili, mkapata kituo cha mizani 15, kisha mkajenga maelezo marefu kuhusu mshororo "uliopungukiwa kama ghala". Wazo zuri, ushahidi haupo.

Sehemu dhaifu ya aya mpya ni mama. "Akiweke" inaweza kusomwa kama kukata tamaa, na aya haijajibu hilo. Aya ya pili ianzie hapo: ipime "akiweke" kwa "tusikae na kelele" inayofuata, ioneshe kama wito huo unamtuliza mama au unamnyamazisha. Maneno 120 yanatosha. Zikusanywe Ijumaa.