Malipo ya kuanzia kazi ya mlango wako wa Jambiani

Assalaam alaykum, Bi Salma.

Natumai mlifika salama Jumamosi, wewe na kaka yako. Nimefurahi mmekuja mpaka karakana hapa Kikwajuni mkazishika mbao kwa mikono yenu. Vipimo nimeshavichora upya: mlango wa mbao mbili, futi 7 kwa futi 4 na nusu, mfaa wenye nakshi ya mayungiyungi, na kizingiti cha juu chenye jina la marehemu mama yenu kama ulivyoomba. Bei ni ileile tuliyokubaliana, shilingi 4,800,000, pamoja na kuupeleka na kuusimamisha.

Limebaki la malipo. Siku ile nililigusa kidogo tu maana tulikuwa na wageni, basi niruhusu nilieleze vizuri leo. Kazi huwa naianza nikishapokea nusu, yaani 2,400,000. Ndivyo ninavyofanya kwa kila mteja, hata mjomba wangu aliponiletea kazi ya nyumba yake alilipa hivyohivyo.

Sehemu kubwa ya fedha hiyo inakwenda kwenye mbao. Mninga unatoka bara, na ule uliokauka sawasawa hauuzwi kwa mkopo. Miaka ya nyuma nilipokea kazi bila ya kuchukua kitu, nikaona aibu kumuomba mtu mzima. Nikakopa mbao mbichi kwa sababu ndizo nilizopewa kwa maneno matupu. Mlango ulitoka mzuri, watu wakausifu. Ilipoingia kaskazi na joto lake, ubao wa kulia ukapinda, ukawa haufungi mpaka uusukume kwa bega. Niliutengeneza upya kwa gharama yangu, lakini yule bwana alikaa wiki tatu na turubai mlangoni, na hilo linaniuma mpaka leo. Tokea hapo siweki patasi kwenye ubao nisioujua umekaukaje. Misumari nayo itakuwa ya shaba, kwani nyumba yako iko karibu na bahari na chumvi inakula chuma upesi.

Jambo jengine ni lile jina. Mlango wa kawaida ukikwama namuuzia mwengine, ila wenye jina la mama yenu hauna nyumba nyengine duniani.

Baki ya fedha utalipa hivi: 1,440,000 nakshi ya mfaa na kizingiti ikikamilika, nao mlango haujapakwa mafuta. Hapo nitakuomba uje mwenyewe, au umtume kaka yako, muangalie kila herufi kabla hujatoa kitu. La kurekebisha nitalirekebisha. Zile 960,000 za mwisho zinabaki kwako mpaka mlango usimame Jambiani, ufunguke na ufungike.

Sipendi kuiita arbuni, kwa kuwa arbuni inayopotea mnunuzi akighairi ina maneno mengi kwa masheikh wetu wa Kishafii. Hii ni sehemu ya bei yako. Ukighairi kabla sijanunua mbao, nakurejeshea yote. Ukighairi zimeshanunuliwa lakini hazijakatwa, mbao ni zako: uzichukue, au niziuze nikupe nilichopata. Nikishaanza kuchonga, tutahesabu kazi iliyofanyika na mbao zilizotumika, kinachobaki nakurejeshea. Na mimi nina langu: kazi ni wiki tisa tangu siku ya malipo. Nikipitisha wiki mbili zaidi kwa uzembe wangu, gari la kwenda Jambiani unalipunguza kwenye bei, ni 150,000.

Yote haya nimeyaandika kwenye karatasi mbili, moja yako moja yangu, na nafasi ya mashahidi wawili. Tumeamrishwa kuandikiana katika Suratul Baqara, aya ya 282, na mimi naona raha kuifuata hata pale ninapomuamini mtu kabisa. Kila utakacholipa utapata stakabadhi siku hiyohiyo, ukipitisha benki au ukileta mkononi.

Ikiwa nusu ni nzito kwa sasa, maana najua ujenzi unavyokula fedha, niambie bila ya kuona tabu. Kwa 1,500,000 naweza kununua mbao za miimo na kizingiti, nikaanza na jina, na 900,000 ukaimalizia mwezi ujao kabla sijagusa mbao za mlango wenyewe. Wiki tisa zitahesabiwa kuanzia hapo, siyo mwanzo.

Muuza mbao ameniwekea vipande vinne vizuri sana mpaka Alkhamisi jioni, kimoja kina mistari myekundu inayopendeza kwa mfaa. Nikikupata kabla ya hapo nitakwenda kuvichukua Ijumaa baada ya sala. Ukihitaji siku zaidi, nijulishe tu nimwambie avitoe, tutatafuta vyengine.

Nisalimie kaka yako. Na naomba unitumie jina la mama kwa herufi za Kiarabu, lilivyoandikwa na yeye mwenyewe kama mnayo karatasi yake, nilifuate hivyohivyo.

Fundi Haji