Baba na Mama: miaka 30, sufuria mbili za ugali

Shikamooni Baba na Mama.

Mama, tafadhali msomee Baba kwa sauti. Miwani yake iko juu ya friji, palepale alipoiacha jana akaitafuta nyumba nzima.

Leo, 15 Septemba 2025, mmetimiza miaka 30 ya ndoa. Hongereni sana, wazazi wetu. Maneno haya tumeyapanga usiku kwa simu sisi wanne: kifungua mimba akiwa Dodoma, mapacha wakiwa Mwanza, na kitinda mimba akiwa hapohapo Ujiji chumba cha pili, ananong'ona ndani ya shuka msimsikie. Kama juzi mlisikia mtu anacheka peke yake saa tano usiku, hajapagawa.

Baba, habari za 1995 umetusimulia mpaka tunaweza kukupokea katikati ya sentensi. Nchi nzima ilikuwa kwenye kampeni za uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, na wewe ulikuwa na kampeni yako Ujiji. Ukapanda treni Tabora na wazee wako wawili na debe la asali ya kuwapelekea wakwe. Debe likavuja njiani. Mnashuka stesheni ya Kigoma, kanzu ya Babu Mdogo imemganda mwilini na nzi wanamsindikiza. Mama anasema alichungulia dirishani, akaona ugeni ule, akamwambia Bibi, "Hawa hawajaja mikono mitupu." Ijumaa ile akidi ikafungwa.

Kisha ikaja habari ya ugali. Baba umekulia ugali wa mahindi, Mama bila muhogo hajala. Wengine wangebishana mpaka mmoja asalimu amri. Ninyi jikoni kwenu pakakaa sufuria mbili. Sisi tulikua tukidhani kila nyumba inasonga ugali mara mbili. Mmoja wetu alipokwenda bweni akauliza, "Na ule mwingine uko wapi?" Wenzake walimcheka muhula mzima.

Mama, unakumbuka ulipougua malaria 2014? Baba aliacha randa, akaingia jikoni na vumbi la mninga likiwa bado kwenye nyusi, akasonga ugali wa muhogo. Ulikuwa na madonge ya ukubwa wa ndimu. Kitinda mimba alikuwa mdogo, akasema ukweli wake: "Baba, huu umepika mawe." Mama, uliinuka kitandani ukatia kila donge kwenye mawese ya migebuka, ukatafuna taratibu, ukamaliza sahani. Baba alisimama mlangoni ameshika mwiko, hasemi kitu. Tulikuwa watoto, lakini siku ile tuliona.

Na dagaa! Mvua ikitishia tu, Baba unatupa msasa chini unakimbilia turubai la Mama. Siku ile ulipokosa pa kuyaweka ukayamwaga juu ya kitanda cha bwana harusi, vanishi haijakauka vizuri, ulikisugua kwa malimau siku mbili. Hukumlaumu Mama hata kwa neno moja. Wewe Mama ndiye uliyekwenda kumwomba mteja radhi, na mfuko wa dagaa mkononi.

Tunawashukuru kwa yale ambayo hamkutuambia. 2011 mapacha walipoingia kidato cha kwanza kwa pamoja, baiskeli ya Baba ilitoweka, tukaambiwa iko kwa fundi. Ilikaa "kwa fundi" mwaka mzima, na Baba akienda Mwanga kwa miguu. Mama naye alikuwa akidamka kabla ya adhana ya alfajiri kuwahi mitumbwi mwaloni Kibirizi, na faida inaingia kwenye kile kibubu cha mninga alichochongewa na Baba. Kilipovunjwa, hakununua kitenge. Alinunua baiskeli. Sisi sote tunajitegemea leo kwa sababu ya kibubu kile na miguu ile.

Mwenyezi Mungu awape afya, awazidishie mapenzi, na atuweke hai tuwatunze kama mlivyotutunza.

Sasa zawadi. Tumewakatia tiketi mbili za treni kwenda Tabora, daraja la pili kulala, mwende pamoja mkamsalimie Bibi mzaa Baba. Safari hii mmelala, hamjakaa wima na debe miguuni. Mama, tunakuomba ndoo ya dagaa isizidi moja. Baba, asali ya kurudi nayo tia kwenye dumu lenye kifuniko cha kuzungusha.

Kitinda mimba atabaki na kuku. Ameahidi pia kumalizia mlango wa jiko, ule ambao Baba umekuwa ukisema utaupiga randa "wiki ijayo" tangu tukiwa shule ya msingi. Mbao zimeshanunuliwa, ziko kwa jirani.

Tunawapenda mno.

Wanenu wanne